Uzi: King'ora cha gari la wagonjwa, pikipiki iliyo njiani, na mshale uliokatika kwenye picha

Mwana wa Wete

Assalamu alaykum wakubwa zangu. Nipo kidato cha sita hapa Pemba, na mwenzangu wa skuli nyengine amenitumia picha ya swali aliyoipiga kwa simu yake, nami naomba msaada kwa sababu kila anayelifanya anatoka na jibu lake. Picha yenyewe ina ukungu, basi nalinakili hapa kama linavyosomeka.

Gari la wagonjwa linakwenda kwa kilomita 72 kwa saa katika barabara iliyonyooka, huku likipiga king'ora chenye frikwensi ya hezi 960. Mbele yake, katika barabara hiyohiyo, yupo mwendesha pikipiki anayekwenda kwa kilomita 36 kwa saa. Kasi ya sauti hewani ichukuliwe kuwa mita 340 kwa sekunde. Tafuta frikwensi anayoisikia mwendesha pikipiki kabla gari halijamfikia, kisha tafuta frikwensi anayoisikia baada ya gari kumpita.

Chini ya maneno hayo pana mchoro wenye mishale miwili. Mshale wa gari unaonekana vizuri, lakini ncha ya mshale wa pikipiki imefunikwa na kivuli cha kidole cha aliyepiga picha. Mimi nimepata 1089 kwa sehemu ya kwanza, na mwenzangu amepata 931. Majibu hayakuandikwa popote.

Bint Konde

Wa alaykum salaam. Kabla ya jambo lolote, 1089 inatoka pale mtu anapotia 72 na 36 katika kanuni kama zilivyo, ilhali 340 imo katika mita kwa sekunde. Gawanya kila moja kwa 3.6, na utapata gari mita 20 kwa sekunde na pikipiki mita 10 kwa sekunde. Ama 931 ya mwenzako, hiyo inaonesha kwamba amepindua sehemu, yaani cha juu amekiweka chini na cha chini amekiweka juu. Hata bila ya kufanya hesabu ungeweza kuikataa, kwa sababu gari lina kasi kubwa kuliko pikipiki na umbali baina yao unapungua, basi sauti haiwezi kusikika ikiwa nzito kuliko 960. Lazima iwe nyembamba zaidi.

Nauliza pia: una hakika kwamba ni 960 na si 900? Katika picha zenye ukungu, 6 na 0 hufanana sana.

Mwana wa Wete

Nimeikuza picha, dada yangu, na 6 inaonekana kwa mkia wake. Nambari zote nina hakika nazo. Nisichokuwa na hakika nacho ni ule mshale peke yake.

Kipima Pembe

Ndugu yangu, usijitese. Katika maswali kama haya kinachotakiwa ni kasi ya mmoja kumkaribia mwengine. Gari linakwenda 20 na pikipiki inakimbia mbele yake kwa 10, kwa hivyo gari linaikaribia kwa 10. Mfanye msikilizaji kuwa amesimama, na gari liwe linakuja kwa mita 10 kwa sekunde, kisha zidisha 960 kwa 340 na ugawe kwa 330. Jibu ni 989. Ikiwa wanaelekeana, basi wanakaribiana kwa 30, ukigawa kwa 310 unapata 1053. Hakuna haja ya kukariri kanuni ndefu yenye alama za kujumlisha na kutoa zinazowachanganya watu.

Maalim Mstaafu

Mwanangu wa Wete, kaa kidogo na tuifuate sauti yenyewe, kwa sababu anayeifuata sauti hahitaji kukariri alama yoyote.

Ichukue sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo king'ora kimetoa mawimbi 960. Wimbi la mwanzo limeshafika mita 340 kutoka pale lilipotolewa, kwani sauti ikishatoka haina habari tena na gari, bali inakwenda kwa kasi yake ya hewani. Lakini gari nalo limesogea mita 20 likiifuata sauti yake mwenyewe, na wimbi la mwisho linatolewa pale gari lilipofika. Basi mawimbi yote 960 yamebanwa ndani ya mita 320, na kila wimbi lina urefu wa theluthi moja ya mita, yaani sentimita 33 na kidogo. Gari lingekuwa limesimama, mawimbi hayo yangekaa ndani ya mita 340, na kila moja lingekuwa na zaidi ya sentimita 35. Hiyo ndiyo kazi yote ya mwendo wa gari: kufupisha mawimbi yaliyo mbele yake na kurefusha yaliyo nyuma yake.

Sasa njoo kwa mwendesha pikipiki. Yeye hafupishi wimbi wala harefushi. Anachobadilisha ni idadi ya mawimbi yanayompita kila sekunde. Tukichukua kwamba anakwenda upande uleule wa gari, sauti inayomtokea nyuma inampita kwa mita 330 kwa sekunde, kwa sababu yeye anaikimbia kwa mita 10. Katika mita 330, zenye mawimbi ya theluthi moja ya mita kila moja, mna mawimbi 990. Hilo ndilo jibu la sehemu ya kwanza kwa mwelekeo huo. Ikiwa anaelekeana na gari, anakutana na mawimbi yaleyale ya theluthi moja ya mita, lakini yanampita kwa mita 350 kwa sekunde, na anasikia hezi 1050.

```
f' = 960 × (340 − 10) / (340 − 20) = 990
f' = 960 × (340 + 10) / (340 − 20) = 1050
```

Angalia kwamba chini ya mgawanyo pana gari tu, na juu pana msikilizaji tu. Kila mmoja ana pahala pake, na Bwana Kipima amewachanganya wote wawili katika pahala pamoja.

Kipima Pembe

Maalim, kwa heshima zote, mimi nimepata 989 na wewe umepata 990. Tofauti ya hezi moja katika hezi elfu hakuna mtu duniani atakayeisikia. Njia inayotoa jibu lilelile kwa mstari mmoja ni bora kuliko njia inayojaza ukurasa.

Bint Konde

Jibu si lilelile, Bwana Kipima. Msahihishaji anayesubiri 990 akiona 989.1 atajua mara moja ni njia gani imetumika, na alama za hatua zitakwenda. Kisha zimekaribiana kwa sababu tu kasi za mle swalini ni ndogo mbele ya kasi ya sauti. Jaribu hili: king'ora kimesimama, na msikilizaji anakikimbia kwa mita 340 kwa sekunde. Kwa njia yako wanaachana kwa 340, na 960 mara 340 ukigawa kwa 680 unapata hezi 480. Lakini mtu anayekimbia kwa kasi ya sauti hakuna wimbi lolote la nyuma yake litakalomfikia, kwa hivyo hasikii kitu. Hizo 480 zimetoka wapi?

Nahodha Mkoani

Samahanini, mimi si mtu wa skuli, lakini king'ora nakijua na honi ya meli naijua. Hapa naona mnatafuta nambari moja, na mimi sikubaliani na hilo. Gari la wagonjwa linapokuja kutoka mbali sauti inaanza ndogo, inazidi kupanda na kupanda mpaka linakufikia, kisha inashuka. Sasa vipi itakuwa 990 tangu mwanzo mpaka mwisho?

Na jambo jengine: nikiwa gatini Mkoani, upepo wa kusi ukiwa mkali, honi ya meli iliyotia nanga huja vyengine kuliko siku ya shwari. Je, upepo haumo katika hesabu zenu?

Maalim Mstaafu

Nahodha, umeuliza mawili, na la pili ni zuri kuliko unavyodhani.

La kwanza ni kwamba kinachopanda wakati gari linakuja ni ukubwa wa sauti, si wembamba wake. Gari likija moja kwa moja kwa kasi isiyobadilika, wembamba unakaa palepale kwenye 990 tangu linapoanza kusikika mpaka linapokaribia sana, kisha linapompita mtu pembeni, wembamba unateremka kwa haraka hadi nambari ya chini na kubaki hapo. Hauzidi hata kidogo juu ya 990. Sikio hudanganywa na ukubwa, kwa sababu mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Ama nyinyi mabaharia jambo hili mnalijua kwa mwili: ngalawa ikielekea mawimbi, omo linagongwa mara nyingi kwa dakika, ikigeuka na kukimbia pamoja nayo, linagongwa mara chache, na bahari ni ileile. Huyo ndiye msikilizaji wetu.

La pili, upepo. Meli imetia nanga, wewe umesimama gatini, na upepo unavuma sawasawa kutoka kwenye meli kuja kwako: frikwensi haibadiliki hata kidogo. Sauti inafika mapema zaidi na mawimbi yanarefuka, lakini kila wimbi linalotoka linafika, na yanafika kwa mpango uleule wa wakati. Kinachobadilika ni ukubwa wa sauti na namna inavyochukuliwa na upepo, na pengine ndicho unachokisikia. Upepo unaingia katika hesabu pale tu ambapo mmoja wao anakwenda, na hapo unabadilisha kasi ya sauti juu na chini ya mgawanyo kwa pamoja.

Sasa, Bwana Kipima, njoo hapa maana swali la Nahodha limenipa njia ya kukujibu. Tuseme upepo unavuma kutoka nyuma, upande uleule wa gari na pikipiki, kwa mita 10 kwa sekunde. Kasi ya sauti kwa anayeitazama kutoka barabarani inakuwa 350. Ondoa 10 ya pikipiki, unapata 340. Ondoa 20 ya gari, unapata 330. Zidisha 960 kwa 340 na ugawe kwa 330, na hizo ndizo 989 zako. Kwa hivyo njia yako ni sahihi kabisa, ila kwa siku moja tu: siku ambayo hewa inakwenda pamoja na mwendesha pikipiki, hata hausikii upepo usoni. Wewe umemfanya msikilizaji asimame, na ukasahau kwamba ukimsimamisha yeye ni lazima hewa ianze kumvumia kutoka mbele kwa mita 10.

Ukitaka kubaki na mtindo wako, baki nao, lakini utie upepo huo. Kwa aliyekaa juu ya pikipiki, sauti inayotoka nyuma inamjia kwa 330, si 340, na gari linamkaribia kwa 10. Basi 960 mara 330 ugawe kwa 320, na umerudi kwenye 990 bila ya kukosea.

Kipima Pembe

Hilo la upepo usoni nimelielewa, Maalim. Hata hivyo naona kwamba njia yangu ikitiwa upepo inakuwa kanuni yenu ileile iliyovaa kanzu nyengine, na faida ya mstari mmoja inapotea.

Maalim Mstaafu

Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana inapaswa kutoa jibu moja.

Mwana wa Wete

Nakushukuru, Maalim. Sasa nimejaribu sehemu ya pili mwenyewe kwa kufuata sauti. Gari limeshapita na linakwenda mbele, kwa hivyo mwendesha pikipiki yuko nyuma ya king'ora. Mawimbi ya nyuma yamevutwa: 960 ndani ya mita 340 na 20, yaani mita 360, na kila moja lina mita 0.375. Ikiwa pikipiki inakwenda upande uleule, sasa inalifuata gari, kwa hivyo inayaelekea mawimbi, na yanampita kwa mita 350 kwa sekunde. Nikigawa 350 kwa 0.375 ninapata 933.3. Kinachonishangaza ni kwamba katika sehemu ya kwanza pikipiki ilitoa 10, na katika sehemu ya pili imejumlisha 10, ilhali haikugeuka wala haikubadilisha mwendo. Je, nimekosea alama?

Bint Konde

Hukukosea. Pikipiki haikugeuka, lakini sauti imegeuka. Mwanzo ilikuwa inamtokea mgongoni, na baada ya kupitwa inamtokea usoni. Watu wengi huibeba alama ya msikilizaji kutoka sehemu ya kwanza kwenda ya pili bila ya kuiangalia upya, na wanapata 960 mara 330 kugawa kwa 360, ambayo ni 880. Na ubaya wake ni kwamba 880 ni jibu halali la swali jengine, la wale wanaoelekeana na kupishana, kwa hivyo halionekani kuwa baya.

Kagua hivi. Gari linaachana na pikipiki kwa mita 10 tu kwa sekunde, ni mwachano mdogo, basi sauti ishuke kidogo chini ya 960. Hiyo 933 inakubalika. Wakipishana wanaachana kwa mita 30 kwa sekunde, na 880 inafaa hapo.

Fidla ya Usiku

Mimi nimeingia kwa ajili ya sauti, maana kazi yangu ni fidla katika kikundi cha taarab hapa Unguja. Nimezipima nambari zenu kwa sikio la mpigaji. Kutoka 990 kushuka hadi 933 ni kama nusu toni moja, na mtu asiye mwanamuziki anaweza kuikosa ikiwa pikipiki yake ina kelele. Kutoka 1050 kushuka hadi 880 ni kama nusu toni tatu, na hiyo hata mtoto ataigundua. Kwa hivyo mkitaka kujua kwa kusikia kama gari limekupita kutoka nyuma au mmepishana nalo, ukubwa wa mteremko unasema.

Maalim Mstaafu

Bwana Fidla amegusa njia iliyotumika kweli. Christian Doppler alilitoa wazo hili mwaka 1842, na mwaka 1845 huko Uholanzi Buys Ballot alipakia wapiga tarumbeta katika treni iliyokwenda baina ya Utrecht na Maarssen, huku wanamuziki wengine wenye masikio mazuri wakisimama kando ya reli kusema noti imepanda au imeshuka kwa kiasi gani. Hapakuwa na chombo chengine cha kupimia ila masikio yao. Kasi ya mita 20 kwa sekunde, kama ya gari letu, kwa msikilizaji aliyesimama inapandisha sauti kwa nusu toni moja takriban.

Kipima Pembe

Turudi kwenye mshale. Mimi naona mtunga swali alikusudia wanaelekeana. Ukichukua wanaelekeana, majibu ni 1050 na 880, yote mawili kamili. Ukichukua wanafuatana, majibu ni 990 na 933.3, na la pili lina desimali isiyokwisha. Mtunzi aliyechagua 960, 20 na 10 alikuwa anatafuta nambari nzuri.

Bint Konde

Nambari nzuri si ushahidi. Hata 990 ni nzuri. Maneno ya swali yanasema pikipiki iko mbele ya gari, na kwamba gari linamfikia, kisha linampita. Kwa wanaoelekeana mtu angeandika kwamba wanakutana au wanapishana. Mimi nasimama na wanafuatana.

Nahodha Mkoani

Na mimi nikisema meli iko mbele yangu, haina maana kwamba imenipa tezi. Yawezekana inanielekea kwa omo lake. Neno mbele halisemi imeelekea wapi.

Maalim Mstaafu

Nahodha amesema kweli, na hoja ya Bint Konde kuhusu kufikiwa na kupitwa ina uzito zaidi kwangu, lakini haikati shauri. Mwanangu wa Wete, angalia jambo moja katika picha: mkia wa mshale wa pikipiki umeanzia upande gani wa kile kitone kinachoonesha pikipiki? Wachoraji wengi huanzisha mshale kwenye kitone na kuutoa kuelekea mwendo. Ikiwa mkia unagusa kitone upande wa mbali na gari, basi wanafuatana.

Mwana wa Wete

Nimeangalia, Maalim. Mstari wa mshale umechorwa juu ya kitone, haukuanzia ndani yake, na kivuli cha kidole kimefunika ncha moja pamoja na nusu ya mstari. Ncha nyengine ni tupu, iko upande wa gari, lakini karatasi ina mkunjo hapohapo, na sijui kama mkunjo umeifuta ncha au haikuwepo. Mwenye karatasi yenyewe anakaa Micheweni, nimemwandikia aipige picha tena, hajajibu.

Bint Konde

Ncha tupu upande wa gari inaelekea kuniunga mkono, ikiwa mkunjo haukuila.

Kipima Pembe

Ikiwa.

Maalim Mstaafu

Basi, andika mstari mmoja juu ya kazi yako: nimechukua kwamba pikipiki inakwenda upande uleule wa gari. Kisha uweke 990 na 933. Chini yake ongeza kwamba wakielekeana majibu ni 1050 na 880, na uoneshe hatua za pande zote mbili. Mwalimu aliyelitunga swali anajua lipi aliuliza, na hawezi kusema kwamba hukujua kwa nini yanatofautiana. Usiandike majibu manne bila ya maelezo, maana hilo litaonekana kama kubahatisha.

Mwana wa Wete

Nimeandika hivyo, Maalim. Nimeanza na urefu wa wimbi, sentimita 33 na kidogo kwa mbele na 37.5 kwa nyuma, kwa kuwa hizo hazibadiliki kwa mwelekeo wowote wa pikipiki, kisha nimemleta msikilizaji katika kila hali. Mwenzangu wa Micheweni akinijibu nitaiweka picha mpya hapa.

Nahodha Mkoani

Akijibu, mwambie atoe kidole.